Mashine pepe zinapoegemea diski ya mbali

Tuchukue SACCOS ya mjini iliyoachana na seva yake moja ya kila kazi na kununua tatu za wastani. Kila seva imewekewa Proxmox VE, programu inayoigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe nyingi, kila moja ikijiona ina prosesa, RAM na diski yake yenyewe. Mashine hizo ziko kumi na mbili: ya mfumo wa mikopo, ya barua pepe, ya mafaili ya ofisi, ya kamera za ulinzi na nyinginezo. Diski zake, hata hivyo, hazimo ndani ya seva zile tatu. Zimo katika kompyuta ya nne, yenye diski nne kubwa za kuzunguka zilizopangwa kwa jozi chini ya ZFS, nayo inazihudumia seva zote kwa njia ya NFS.

NFS ni utaratibu wa kushirikiana mafaili mtandaoni uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems huko Kalifonia miaka ya 1980. Kompyuta moja inatangaza folda yake, nyingine inaipachika kwenye mti wake wa mafaili, na kuanzia hapo programu zinaisoma na kuiandika kana kwamba ni diski ya ndani. Diski nzima ya mashine pepe, kwa macho ya NFS, ni faili moja tu kubwa, tuseme la GB 200.

Watu huupenda mpangilio huu kwa sababu faili hilo linaonekana na seva zote tatu kwa wakati mmoja. Seva ikihitaji kuongezewa RAM au kusafishwa vumbi, mashine zake pepe huhamishiwa kwa jirani huku zikiendelea kufanya kazi, na kinachosafiri ni yaliyomo kwenye RAM tu. GB 8 za RAM kwenye mtandao wa gigabiti moja hupita kwa dakika moja na ushee. GB 200 za diski zingechukua karibu nusu saa. Na seva ikifa kabisa, mashine zake zinaweza kuwashwa kwenye nyingine, maana diski hazikufa nayo. Hofu ya seva mbili kuwasha mashine ileile na kuliharibu faili lake ni hofu ya haki, lakini QEMU, injini iliyo chini ya Proxmox, hulifunga faili kabla ya kulitumia. Ya pili ikijaribu hukataliwa kwa ujumbe wenye maneno `Failed to get "write" lock`. Ukiuona ujumbe huo, usitafute namna ya kuupita. Tafuta kwanza ni nani amelishika faili.

Basi SACCOS yetu imehamia huko, na siku ya kwanza fundi alifanya jaribio ambalo karibu kila fundi hulifanya: alinakili faili kubwa na kutazama kasi. Akapata megabaiti 110 kwa sekunde, ambayo ndiyo karibu kikomo cha kebo ya gigabiti moja. Akaridhika. Mwisho wa mwezi ukafika, mfumo wa mikopo ukaanza kuandika riba za wanachama, miamala 20,000, na kazi iliyokuwa ikiisha kabla chai haijapoa ikachukua dakika nane na zaidi. Mtandao ulikuwa karibu mtupu. Prosesa zilikuwa zimelala.

Jaribio la kunakili halikumdanganya fundi; lilijibu swali ambalo hakuwa amekusudia kuuliza. Kunakili faili kubwa hupima upana wa njia, yaani data nyingi zinazotumwa mfululizo bila kusubiri jibu la kila kipande. Kanzidata haifanyi kazi hivyo. Mwanachama akilipa rejesho, kanzidata huandika kipande kidogo cha data, mara nyingi kilobaiti chache tu, kisha inasimama na kuuliza: je, hii imefika kwenye diski kiasi kwamba umeme ukikatika sasa hivi haitapotea? Haiendi kwenye muamala unaofuata wa kazi hiyo mpaka ijibiwe ndiyo.

Ombi hilo linapita mkono kwa mkono. Mfumo wa uendeshaji ndani ya mashine pepe unalipokea na kulikabidhi kwa QEMU. QEMU inalipeleka kwa kerneli ya seva iliyoibeba. Kerneli inalituma kama ujumbe wa NFS kupitia swichi hadi kwenye seva ya hifadhi. Hapo ZFS inaliandika kwenye diski na kusubiri diski ithibitishe. Kisha jibu linarudi kwa njia ileile. Hapo hesabu ni ya kugawanya tu. Kama mzunguko mzima unachukua milisekunde 25, basi kwa sekunde moja unapata mizunguko 40, na miamala 20,000 inayofuatana itakula sekunde 500. Hizo ndizo dakika nane na sekunde ishirini.

Mtuhumiwa wa kwanza huwa ni mtandao, na wauzaji wa swichi za gigabiti kumi hawana haraka ya kukusahihisha. Lakini gawanya hizo milisekunde 25 kwa wahusika wake. Kilobaiti 4 hupita kwenye kebo ya gigabiti moja kwa takriban sehemu 33 za milioni za sekunde. Ukiongeza swichi, kadi za mtandao na kazi ya kerneli mbili, kwenda na kurudi ndani ya chumba kimoja huwa chini ya nusu milisekunde. Zilizobaki zimeliwa na diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja, na kabla ya kusubiri mzunguko, kichwa chake kinapaswa kusogea hadi mahali penyewe. Muamala mmoja wa kanzidata unaweza kudai safari mbili au tatu za namna hiyo, kwa kuwa kanzidata ina daftari lake, na mfumo wa mafaili ndani ya mashine pepe una lake pia. Ungeutoa mtandao wote, ungeokoa sekunde kumi kati ya zile mia tano.

Hapa ndipo ushauri wa njia ya mkato hujitokeza: nenda kwenye faili la `/etc/exports` la seva ya hifadhi, badilisha neno `sync` liwe `async`, na tatizo limekwisha. Kweli litakwisha. Kazi ya dakika nane itakuwa ya sekunde kadhaa. Kilichobadilika ni kwamba seva sasa inafanya kama mtunza stoo anayesaini hati ya kupokea mzigo ukiwa bado uko kwenye toroli nje ya mlango. Siku zote mvua isiponyesha, hakuna anayegundua. Data ambazo kanzidata imeahidiwa ziko salama bado zimo kwenye RAM ya seva ya hifadhi, na umeme ukikatika hapo, zimepotea bila mtu yeyote kuambiwa. Mashine pepe zenyewe hazikuzimika. Zinaendelea zikiamini kuwa zimeandika kitu ambacho hakipo. Makosa ya namna hii hayaonekani siku hiyo. Yanaonekana wiki tatu baadaye, kanzidata inapokutana na ukurasa unaorejelea rekodi isiyokuwepo. Kwa sababu hiyo kifurushi cha nfs-utils cha Linux, katika matoleo yote yaliyofuata baada ya 1.0.0, hutumia `sync` pale usipochagua kitu.

Nina msimamo mkali kuhusu hili: `async` haina nafasi kwenye hifadhi ya mashine pepe, hata kama kuna UPS. UPS huzuia umeme kukatika. Haizuii kerneli kuanguka, RAM kuharibika wala mtu kuchomoa waya usiostahili. Matumizi yake halali ni ya uchunguzi tu. Tengeneza folda ya majaribio isiyo na kitu cha thamani, ifungulie `async`, pima, kisha ifute. Tofauti ikiwa kubwa, umethibitisha kuwa ugonjwa uko kwenye kungoja diski. Ikiwa ndogo, rudi ukatazame mtandao.

Dawa yenyewe ni kuipa seva mahali pa haraka pa kuweka ahadi zake. ZFS huruhusu kuongeza SSD ya pembeni kwa ajili ya daftari la maandishi yanayosubiriwa, na mafundi huiita SLOG. Ombi likifika, huandikwa kwanza kwenye SSD hiyo, jibu linarudi, kisha data zilezile, ambazo bado ziko kwenye RAM, humwagwa kwenye diski kubwa kwa mafungu kila baada ya sekunde chache. Mzunguko wa milisekunde 25 unaweza kushuka hadi karibu milisekunde moja, na zile sekunde 500 zikawa 20. Haihitaji kuwa kubwa: kwa kebo ya gigabiti moja, hata data za sekunde kumi mfululizo hazifiki GB 1.2, kwa hiyo GB 16 ni nyingi mno.

Kinachohitajika ni SSD yenye kapasita za kuilinda umeme unapokatika. Kapasita hizo huipa nguvu ya dakika ya mwisho kumalizia kuandika kilichomo kwenye kumbukumbu yake ya ndani, na ndiyo maana inaweza kujibu ndiyo papo hapo bila kusema uongo. SSD ya bei rahisi ya kompyuta ya mezani haina kitu hicho. Ikiombwa uthibitisho wa kweli, inabidi imalizie kuandika kwanza, na mara nyingi hupoteza milisekunde kadhaa kila mara, kiasi kwamba mnunuzi anajiuliza fedha zake zimekwenda wapi. Usisome megabaiti kwa sekunde kwenye boksi. Uliza kuhusu ulinzi wa kukatika umeme.

Na kabla ya kununua chochote, pima. Kwenye moja ya seva tatu, amri hii huandika vipande 4,096 vya kilobaiti nne, ikisubiri uthibitisho baada ya kila kimoja:

```
fio --name=jaribio --directory=/mnt/pve/ghala \
    --rw=write --bs=4k --size=16m \
    --ioengine=sync --fdatasync=1
```

Katika majibu yake, ruka kasi na utafute sehemu ya `fdatasync`, mstari wenye `99.00th`. Hiyo ndiyo nambari ambayo asilimia 99 ya maombi hayakuizidi. Wastani huficha mengi, kwa kuwa ombi moja la nusu sekunde kati ya mia ndilo linalomfanya karani abonyeze kitufe mara ya pili. Kama kipimo cha kulinganisha, waandishi wa etcd, kanzidata ndogo inayoendesha Kubernetes, wanashauri nambari hiyo isipite milisekunde 10.

Kwa ufuatiliaji wa kila siku kuna `nfsiostat 5 /mnt/pve/ghala`, inayochapisha hali kila baada ya sekunde tano. Safu mbili zinatosha. `avg RTT` ni muda tangu ombi litoke hadi jibu lirudi. `avg exe` ni muda huohuo pamoja na ule ambao ombi lilisubiri foleni ndani ya seva yenyewe kabla ya kutoka. Zote mbili zikiwa juu na zikikaribiana, tazama upande wa hifadhi au njia. Ya pili ikiiacha ya kwanza mbali, maombi yanarundikana kwenye seva hii hata kabla hayajaingia kwenye kebo.

Sasa upande wa pili, wa seva zinazopachika. Mistari ya Proxmox ya hifadhi hii, katika `/etc/pve/storage.cfg`, inaweza kuwa hivi:

```
nfs: ghala
    server 10.10.10.5
    export /tank/vm
    path /mnt/pve/ghala
    content images
    options vers=4.2,hard,proto=tcp
```

Neno zito hapo ni `hard`. Linaamua kitakachotokea seva ya hifadhi isipojibu. Kwa `hard`, kerneli inarudia ombi bila kukata tamaa, hata kama ni saa nzima. Kwa `soft`, inajaribu mara chache kisha inairudishia programu jibu la kosa. `Hard` ndiyo chaguo la kawaida la Linux, lakini wengi huibadilisha baada ya siku moja mbaya, kwa sababu hifadhi ikinyamaza, `hard` hugandisha kila kitu: amri ya `df` hairudi, na kwenye ukurasa wa Proxmox alama za seva hugeuka kuwa viulizo vya kijivu. `Soft` inaonekana kama ukombozi.

Fuatilia kitakachofuata. Tuseme fundi ameweka `soft,timeo=30,retrans=2`, na seva ya hifadhi inawashwa upya baada ya masasisho, kazi ya dakika tatu. `Timeo` huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 30 ni sekunde tatu tu. Wapo wanaodhani ni sekunde thelathini. Chini ya nusu dakika, kerneli inakata tamaa. Kosa linapanda hadi ndani ya mashine pepe, ambayo haijui kitu kuhusu NFS. Inachoona ni kwamba diski yake imekataa kuandika, yaani imeharibika. Mfumo wa mafaili wa ext4, kwa mpangilio wa kawaida wa mashine nyingi, unajifunga na kuruhusu kusoma tu. PostgreSQL, ambayo tangu matoleo ya 2019 haiamini tena kurudia andiko lililoshindikana, inajiangusha kwa makusudi ili ianze upya kutoka kwenye daftari lake. Seva ya hifadhi inarudi baada ya dakika tatu ikiwa nzima, na fundi ana mashine kumi na mbili za kukagua na kuwasha moja moja, nyingine zikihitaji `fsck`.

Kwa `hard`, dakika hizo tatu zinapita hivi. Mashine zinasimama kila zinapohitaji diski. Ndani yake kerneli inaweza kulalamika kuwa kazi fulani imekwama kwa zaidi ya sekunde 120. Kwenye seva, `dmesg` inaonyesha `nfs: server 10.10.10.5 not responding, still trying`, na baadaye `nfs: server 10.10.10.5 OK`. Mashine zinaendelea pale zilipoachia. Makarani wamekasirika, lakini hakuna rekodi iliyopotea. `Timeo` iache ilivyo, yaani 600, ambayo ni sekunde sitini.

Chaguo nyingine zinazosambazwa kwenye mipangilio ya kunakiliwa nyingi hazina uzito. `Intr` imekuwa ikipuuzwa na kerneli tangu toleo la 2.6.25. `Noatime` haina athari kwenye NFS. `Rsize` na `wsize` seva mbili hukubaliana zenyewe, kwa kawaida hadi megabaiti moja, na kuziandika kwa mkono mara nyingi ni kuzipunguza. `Nconnect`, iliyoingia kwenye Linux 5.3 mwaka 2019, hufungua njia kadhaa za TCP badala ya moja. Inasaidia sana kwenye mtandao wa gigabiti 10 au 25 wenye mashine nyingi zinazosoma kwa pamoja, lakini haitapunguza hata chembe ya muda ambao diski inatumia kuthibitisha andiko moja.

Upande wa seva ya hifadhi, mstari wa `/etc/exports` ni mfupi:

```
/tank/vm 10.10.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check,no_root_squash)
```

`No_root_squash` inahitajika kwa kuwa Proxmox huandika kama mtumiaji mkuu. Maana yake ni kwamba kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao wa 10.10.10 inaweza kufungua na kufuta diski ya mashine yoyote. Mtandao huo basi uwe na swichi yake, au angalau VLAN yake, na kompyuta za makarani zisiuone kabisa. Kutenganisha huko kunatibu jambo la pili pia. Nakala rudufu za usiku zikipita kwenye kebo ileile, zinaijaza, na kipande cha kilobaiti nne cha kanzidata kinasimama nyuma ya foleni ya mafaili ya kamera. Kama kebo ya pili haiwezekani, Proxmox ina `bwlimit` ya kuziwekea nakala hizo kikomo cha kasi.

Kwenye mtandao huo wa peke yake watu hushawishika kuongeza ukubwa wa pakiti, MTU, kutoka 1500 hadi 9000. Inaruhusiwa, ila kila kifaa njiani kikubali, pamoja na swichi. Kimoja kikikataa, dalili zake zinachanganya sana: `ping` inajibu, folda inapachikwa, `ls` inaorodhesha mafaili, kisha andiko la kwanza kubwa linaganda moja kwa moja. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinatupwa kimyakimya, na `hard` inazirudia bila kuchoka. Jaribio lake ni `ping -M do -s 8972 10.10.10.5`. 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya pakiti, na `-M do` inakataza kuikata vipande. Isipojibu, rudisha 1500 pande zote.

Linabaki suala la mpangilio wa kuzima na kuwasha. Kwenye kukatika kwa umeme kwa muda mrefu, UPS ikikaribia kuisha, mashine pepe ndizo zizimwe kwanza, kisha seva tatu, na ya hifadhi iwe ya mwisho. Ukiizima ya hifadhi mapema, zile tatu zitakwama zikijaribu kumalizia maandishi yao mpaka betri iishe. Umeme ukirudi, zote nne hujiwasha pamoja, na ya hifadhi, yenye diski nyingi za kuamsha, kwa kawaida ndiyo ya mwisho kuwa tayari. Seva zinazoiwahi hukuta `storage 'ghala' is not online`, zinaziruka mashine zilizopaswa kujiwasha, na hazizirudii. Kwa hiyo kwenye BIOS ya zile tatu, kama inaruhusu kuchelewesha kuwaka baada ya umeme kurudi, weka dakika tano. Isiporuhusu, ziache zisijiwashe, na karatasi ya maelekezo iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha seva ianze na ile ya hifadhi.